Mti wa Krismasi niliouzika kwenye ndoo ya mchanga

Mwaka juzi nilinunua mti wa Krismasi tarehe 6 Desemba, na kufikia tarehe 16 ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Siku kumi tu. Shilingi za Uganda 70,000 za mti, 10,000 za boda, na za taa sitaki hata kuzitaja. Krismasi yenyewe ilitukuta tumeshautupa nyuma ya nyumba, watoto wananiangalia kama mimi ndiye niliyeuua, na kusema kweli ni mimi niliyeuua.

Naandika kwa sababu mwaka jana nilijaribu tena na ukakaa wiki nne ukiwa kijani, na tofauti haikuwa pesa wala mti wa aina nyingine. Ni maji na kile kitako cha shina, basi.

Tunaishi Kireka, pembeni mwa Kampala. Mimi nimezaliwa Busia na nyumbani kwetu tulikuwa tunakata tawi la saipresi kwenye ua wa kanisa kwa ruhusa ya padri, tunaweka kwenye kopo la mchanga, siku tatu imekwisha tunachoma. Kwa hiyo nikikuambia nilijua kuweka mti, nilijua wa siku tatu. Hapa Uganda mti wa Krismasi maana yake ni saipresi, ile ile ya ua wa shule, siyo ile unayoona kwenye filamu za wazungu. Ikifika Desemba utaiona imepangwa pembeni mwa barabara, mingine imesimamishwa, mingine imelazwa juani kama kuni.

Wangu ulikuwa umelazwa. Sikuuliza umekatwa lini, niliangalia urefu tu na kama umenona. Ukafungwa nyuma ya boda, karibu dakika arobaini kwenye upepo na vumbi, kufika nyumbani nikauegemeza ukutani uani maana mzee wa nyumba hakuwepo na mimi siwezi kuusimamisha peke yangu. Ulikaa hapo Ijumaa, Jumamosi, hadi Jumapili baada ya misa. Siku mbili bila hata tone. Ndipo tukachukua ndoo, tukashindilia mchanga na mawe, tukausimamisha ukawa wima kama mlingoti, na mimi kila asubuhi namwagia kikombe kimoja cha maji juu ya mchanga kama ninavyomwagia maua yangu ya verandani. Na mahali nilipouweka sasa! Kati ya friji na dirisha la magharibi, kwa sababu hapo ndipo kuna soketi ya taa. Jua la saa tisa alasiri linaupiga, nyuma ya friji joto linatoka usiku na mchana, na juu yake nikabandika pamba kuwa theluji.

Kinachodanganya kwenye saipresi ni kwamba haianguki majani haraka. Inabaki imeshika majani yake na rangi inakaa kijani kijani hivi, wewe unaona mambo ni mazuri kumbe umeshakauka zamani. Mimi niligundua kwa harufu, ile harufu kali ya limau iliisha kabisa, halafu mtoto akagusa tawi likakatika kwa mlio, tak. Usiku mmoja nikanusa kitu kinaungua, ilikuwa pamba imegusa balbu ya zile taa za zamani zinazochemka. Ilikuwa imebadilika rangi tu, haijashika moto, lakini nilichomoa waya mikono inatetemeka. Kesho yake mti ukatoka nje.

Pale jirani kuna mzee anauza miche, mstaafu wa jeshi, sote tunamwita Afande na Kiswahili chake ni kile cha kambini, hana maneno mengi. Alikuwa anapita akaona tunang'oa ile ndoo. Akasema, "Mama, hebu lete hicho kitako nikione." Akakipangusa mchanga na kidole gumba. Mwisho wa shina ulikuwa umefunikwa na kitu cha njano kinachong'aa, kigumu, kama gundi ya fundi viatu ikikauka. Akaniuliza, "Mti huu una mizizi?" Nikasema hauna Afande, si umekatwa. "Sasa mchanga ulikuwa wa nini?"

Sikuwa na jibu.

Alinieleza akiwa amesimama pale pale. Mti uliokatwa bado unapumua kupitia majani, majani yanapoteza maji, na yale maji yanavutwa kutoka chini kupitia mbao ya nje, ile iliyo karibu na gome. Ukiukata na kuuacha hewani, hewa inaingia kwenye vile vijia vidogo vya maji na utomvu unatoka unaziba mdomo. Ndani ya saa sita, saba, nane hivi, mdomo umefungwa. Baada ya hapo hata uutie ziwani hautakunywa sawasawa mpaka ukate kipande kingine cha chini uufungulie mdomo upya. Na ule mchanga wangu ndio ulimalizia, maana kikombe changu cha maji kilikuwa kinapotelea humo humo, chini kabisa kumebaki tope linanuka, na mimi nisingeweza kuona kama mti unakunywa au haunywi. Mizizi ndiyo inajua kunyonya maji kwenye udongo. Shina lililokatwa linataka maji matupu, liyaguse.

Basi mwaka jana nikaanza mapema kichwani. Sikununua barabarani, ingawa ukinunua barabarani siyo dhambi, ila fanya hivi: kunja ncha ya tawi, ikiwa mbichi inapinda na kurudi, ikiwa kavu inavunjika. Sugua majani kwenye kiganja unuse. Halafu inama uangalie kitako, kilichokatwa leo ni cheupe na kina unyevu, cha siku tatu ni kahawia na kina gundi. Muuzaji atakuambia "leo asubuhi mama", wote wanasema leo asubuhi, wewe angalia kitako tu. Mimi nilikwenda kwa mkulima upande wa Mukono ambaye ana saipresi zilizopandwa kwa kubanana na anazipunguza, nikalipa 60,000 ukakatwa mbele ya macho yangu, tarehe 8 Desemba, saa nne asubuhi. Urefu kama mita moja na themanini, shina la sentimita saba kwa upana nilipima kwa futi kamba ya fundi nguo. Nikaufunga kwenye turubai kabla ya kupakia maana upepo wa barabarani unakausha kuliko jua.

Nimefika nyumbani saa nane. Kabla ya kitu chochote, kabla hata ya kunywa maji mimi mwenyewe, nikakata kipande kingine chini. Ulikuwa na saa nne tu tangu ukatwe lakini sikutaka kubahatisha. Kipande chenye unene wa sentimita mbili na nusu hivi, yaani kama upana wa vidole viwili vyembamba, kwa msumeno, siyo panga, panga linaponda mbao na kuacha nyuzi nyuzi. Na ukate kwa kukingama shina, sawasawa kabisa kama unavyokata muhogo wa kuchemsha, usikate mshazari. Mimi nilidhani mshazari unaongeza mdomo, kumbe unahitaji maji ya kina kirefu zaidi ili upande wa juu nao uzame, na mti hausimami vizuri.

Hapo fundi wa kuchomelea alikuwa ameshanitengenezea stendi ya chuma, nzuri kweli, lakini pete yake ikawa ndogo kuliko shina. Akachukua panga akasema ngoja nichonge pembeni liingie. Nikamshika mkono. Ile mbao ya nje unayotaka kuichonga ndiyo inayopandisha maji, ukiichonga umekata bomba lenyewe. Stendi ikabaki uani mpaka leo, 45,000 hiyo, kosa langu sikupima shina kwanza.

Tukarudi kwenye ndoo ya lita ishirini, ila bila mchanga. Mawe tu. Yale mawe makubwa ya ujenzi, niliyasugua kwa brashi, tukaweka matatu bapa chini, mti ukasimama juu yake, halafu tukabana shina pande zote kwa mawe mengine mpaka ukagoma kuyumba. Juu nikafunga kamba nyembamba kwenye msumari wa ukutani maana nina mtoto wa miaka mitatu ambaye anapanda kila kitu. Matawi ya chini kabisa ambayo yangezama kwenye maji niliyakata yote kwa mkasi wa bustani, majani yakikaa ndani ya maji yanaoza na maji yanatoa harufu ya mfereji. Hayo matawi nilitengeneza duara la mlangoni. Ncha chache zilizokuwa zimekauka tangu shambani nazo nikazitoa, ili baadaye nikiona ukavu nijue ni ukavu mpya.

Ndoo ikiwa na mawe ilimeza lita tisa kufika juu. Kumbuka hilo, ndoo ya ishirini siyo ishirini ukishatia mawe.

Sasa kunywa. Afande aliniambia kadirio, lita moja kwa siku kwa kila sentimita mbili na nusu za upana wa shina, kwa hiyo wangu ni kama lita tatu. Lakini siku ya kwanza ulikunywa tano! Nilikuwa najaza kwa chupa ya lita moja na nusu ili nihesabu, asubuhi ya pili naamka naona mawe ya juu yamebaki makavu, nikadhani ndoo inavuja, nikapapasa sakafu, kavu. Ulikuwa unakunywa tu. Siku zilizofuata ukatulia kwenye tatu, wiki ya pili mbili na kitu, kuelekea mwisho lita moja. Hiyo ni kawaida, unapungua polepole. Ukishuka ghafla kutoka tatu hadi karibu sifuri ndiyo uanze kuuliza, na nitakuambia kwa nini.

Maji ya kawaida ya bomba. Shemeji yangu alikuja na sukari, akaja na soda nyeupe, akaja na kidonge cha kutuliza maumivu, eti mti unapata nguvu. Usitie kitu. Hausaidiwi na sukari, kinachosaidiwa na sukari ni uvundo.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni mbu. Ndoo ya maji yaliyosimama ndani ya nyumba Kampala kwa wiki nne, hebu fikiria. Siku ya sita hivi nilimulika na tochi ya simu nikaona vile vijidudu vinacheza cheza juu ya maji, nikasisimka. Mbu akitaga, kwa joto letu wiki moja hadi siku kumi anaruka. Nilivuta maji yote kwa mpira mwembamba, kwa kunyonya na mdomo kama wanavyofanya watu wa petroli, nikayamwaga nje juani na kujaza mengine papo hapo kitako kisikauke. Halafu nikachukua kipande cha neti ya kitanda iliyochanika, nikaikunja mara mbili, nikaizungushia mdomo wa ndoo na shina, nikafunga kwa mpira wa tyubu ile wanayofungia mizigo kwenye boda. Maji nikawa namiminia juu ya neti yanapita. Kila siku ya sita nabadilisha. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, usitumie, linafunika vizuri lakini huoni maji na unasahau.

Mahali pia nilibadilisha. Kwanza nikahama kabisa kwenye friji, na pia mbali na televisheni na dekoda maana ile dekoda ukiigusa ni pasi. Dirisha la magharibi lilikataliwa. Nikadhani basi nitaweka upande wa kusini kuna kivuli, kumbe mwezi wa Desemba jua letu linaegemea kusini, adhuhuri ile sehemu ya sakafu ilikuwa inapata mwanga wa moja kwa moja, ambayo Juni haipati. Nikaishia kwenye kona ya kaskazini karibu na mlango wa koridoo, sakafu ya simiti, baridi hata mchana ukivua viatu. Waya wa taa ukabidi urefushwe, sawa. Taa zenyewe safari hii ni zile za LED zisizochemka, na usiku kabla ya kulala nazima kwa soketi. Pamba haikuingia humo ndani tena. Feni pia nimeielekeza kwingine, mama mkwe alilalamika joto, lakini feni ikipuliza majani inayanyonya maji kama nguo kwenye kamba.

Sasa lile la kushuka ghafla. Tarehe 15 maji ya bomba yalikatika mtaani kwetu. Siku mbili. Jerikani zilizokuwepo zilikuwa za kupikia na kuogesha watoto, na mimi nikasema mti utavumilia, una maji ndani ya ndoo. Sikufungua neti kuangalia. Jioni ya siku ya pili maji yakarudi, nikajaza, nikalala. Asubuhi naangalia, yako pale pale. Jioni, pale pale. Kesho yake asubuhi yameshuka unene wa kidole. Nikakunja ncha, bado inapinda, lakini majani yamepoteza ule mng'ao, yako kama yamepakwa unga.

Nikampigia Afande. Hakushangaa hata kidogo. "Kitako kilikaa nje ya maji masaa mangapi?" Nilipiga hesabu, ulikuwa unakunywa lita mbili na nusu, ulianza na kama tatu na nusu juu ya usawa wa kitako, kwa hiyo karibu masaa kumi na manne ulikuwa hewani. Akasema, "Umeziba tena. Kata." Nikamwambia Afande umeshapambwa wote, kuna taa, kuna mipira, kuna nyota. Akasema mapambo hayanywi maji.

Mzee wa nyumba alitaka tutoboe tundu na drili pale pale chini, alisikia mahali. Nikamuuliza Afande akacheka, tundu la katikati halifiki kwenye mbao ya nje inayovuta maji, unatoboa bure. Basi saa mbili usiku tukavua mapambo, tukavuta maji, tukatoa mawe moja moja, tukaulaza mti juu ya shuka sebuleni watoto wakishangilia kama ni sherehe, tukakata tena sentimita mbili na nusu. Kile kipande kilikuwa na duara la utando wa kahawia upande wa chini, na upande wa juu mbao nyeupe yenye unyevu. Niliweka ulimi, chungu na baridi. Saa nzima ilituchukua pamoja na kurudisha nyota. Asubuhi ulikuwa umekunywa lita mbili. Majani yalichukua siku tatu kurudi kung'aa, na ncha kadhaa za juu hazikurudi, nikazikata na mkasi na kuziba pengo kwa mpira mkubwa mwekundu.

Tangu hapo nikachora alama nyekundu nje ya ndoo, usawa wa kitako pamoja na vidole vinne juu. Ndoo ni nyeupe, ukimulika tochi unaona maji yako wapi bila kufungua neti. Maji yakifika alama, hata kama ni ya kuogea, mti unapewa kwanza.

Halafu kuna kijijini, kama mjuavyo Kampala inahama. Tuliondoka tarehe 23 alfajiri kwenda Busia, tukarudi 27. Hesabu yangu ilikuwa hivi: kwa wakati huo unakunywa lita moja na robo, siku nne na nusu ni kama lita sita, na juu ya kitako ndoo yangu inabeba saba hivi ikijaa. Inatosha lakini kwa pumzi. Nikajaza mpaka mdomoni saa kumi usiku tukitoka, nikachomoa taa kabisa, nikafunga mapazia yote, na ufunguo nikamwachia jirani aingie tarehe 25 kuongeza chupa mbili. Aliongeza. Tuliporudi maji yalikuwa juu ya alama na nyumba inanuka limau.

Tuliutoa tarehe 6 Januari, siku ya 29. Sitasema ulikuwa kama wa siku ya kwanza, ndani karibu na shina matawi yalikuwa yameanza ukahawia na rangi imefifia, lakini ncha zilipinda. Mti wenyewe nilikatakata nikauacha juani uani wiki moja, nikasema nitawashia sigiri. Mama mkwe akatia tawi moja dogo tu juu ya makaa, likalipuka kwa mlio hadi akaangusha upepeo, na moto ulikuwa umepita usawa wa sufuria kabla hatujarudi nyuma. Akaniangalia, akasema, "Na kitu hiki kilikuwa kimelala sebuleni na wajukuu wangu?"

Nikamwambia kilikuwa kinakunywa, mama.